Bei ya jumla kwa ngazi: namna ya kuandika tangazo la mchele lisilokugombanisha na mteja

Wiki hizi nimeletewa matangazo mengi ya mchele niyasome kabla hayajarushwa kwa wanunuzi wa Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma. Mchele wenyewe ni mzuri, picha zimepigwa vizuri, na namba ya simu ipo. Kinachokosekana karibu kwenye kila tangazo ni kitu kimoja: mistari ya bei ya jumla na oda ndogo imeandikwa kwa namna ambayo watu wawili wakiisoma wanapata hesabu mbili tofauti. Leo nataka tukae na mistari hiyo tu.

Tuchukue tangazo la kikundi kimoja cha vijana hapa Mlabani. Wamekubali niwatumie kama mfano bila kuwataja. Sehemu ya bei waliiandika hivi:

"MCHELE SUPA IFAKARA GREDI A. Gunia 1-10 @2400. Gunia 10-30 @2300. Gunia 30-50 @2200. Zaidi ya 50 @2100. Mwisho oda gunia 5. Karibuni sana."

Ukiisoma haraka inaonekana imekamilika. Sasa tuisome kama anavyoisoma mama mwenye stoo Tandale, ambaye ana pesa mkononi na anataka kujua atalipa shilingi ngapi.

Kwanza: mipaka ya ngazi

Mama anataka magunia 10. Atalipa 2,400 au 2,300? Kumi imetajwa mara mbili, kwenye ngazi ya kwanza na kwenye ya pili. Mnunuzi atachagua bei ya chini, na muuzaji atakuwa alikusudia ya juu. Hakuna aliyedanganya. Tangazo ndilo lililowapa wote wawili haki. Hali ni hiyohiyo kwenye 30. Kwenye 50 kuna shida ya aina nyingine: "30-50" inaichukua 50, na "zaidi ya 50" inaanzia 51. Kwa maandishi hayo gunia la hamsini liko kwenye 2,200, lakini nilipowauliza vijana wenyewe, wawili walisema 50 ni 2,100.

Maneno yetu ya mipaka yana maana kali kuliko tunavyoyatumia tukiongea. "Zaidi ya 10" haiigusi 10, inaanzia 11. "Chini ya 10" inaishia 9. "Kuanzia 10" inaichukua 10 yenyewe. "Yasiyopungua 10" vilevile inaichukua 10. Neno la hatari ni "hadi" au "mpaka". Wapo wanaoichukua namba ya mwisho na wapo wanaoiacha, kama vile mtu akikwambia dukani "tumefunga mpaka Jumatano" na wewe ukabaki kujiuliza kama Jumatano yenyewe pamefunguliwa.

Dawa yake ni rahisi. Usiiache namba moja ikae kwenye ngazi mbili. Andika "gunia 5 hadi 9", kisha "gunia 10 hadi 29", kisha "gunia 30 na kuendelea". Ngazi inayofuata ikianza na namba iliyo juu ya ile iliyoishia nyuma yake, hata "hadi" inaacha kuwa na utata, kwa sababu msomaji anaona 9 iko huku na 10 iko kule.

Jambo la pili kwenye mipaka ni kipimo chenyewe. Hiyo "@2400" ni ya nini? Sisi wa hapa tunajua ni ya kilo. Lakini ngazi zimehesabiwa kwa gunia na bei imewekwa kwa kilo, na gunia lenyewe halikutajwa uzito. Kuna mnunuzi anayefungasha viroba vya kilo 25 na kuna mwingine wa kilo 50. Akisema "nataka 30" na kichwani kwake ana viroba vya kilo 50, anataka tani moja na nusu. Wewe unayefikiria gunia la kilo 100 unasikia tani tatu. Umeshampa bei ya tani tatu.

Kwa hiyo mpaka wa ngazi uandike kwa kilo, na magunia yafuate kwenye mabano. Kilo haibadiliki kulingana na mfuko. Andika pia kwamba gunia ni la kilo 100 za mchele bila uzito wa mfuko, na limepimwa kwa mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Lumbesa msiiguse. Ni kosa kisheria, na kwenye tangazo la ngazi inaharibu hesabu yote, maana gunia lililovimba halina tena kilo ulizozihesabu kwenye ngazi.

Kuna neno moja la kuangalia: "daraja". Wengi wanaandika "daraja la kwanza, daraja la pili" wakimaanisha ngazi za bei. Kwenye mchele neno hilo lina kazi nyingine, kwa kuwa daraja la kwanza ni mchele uliopangwa vizuri, usio na chenga nyingi. Mteja akisoma "daraja la tatu sh 2,200" ataelewa ni mchele mbovu wa bei ndogo. Tumieni "ngazi" kwa bei, na "daraja" au "gredi" muiachie ubora.

Pili: bei mpya ni ya magunia yapi?

Hapa ndipo penye pesa nyingi. Kikundi hiki kilipata oda ya magunia 40. Mazungumzo ya simu, kama kijana aliyepokea alivyonisimulia, yalikwenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeshatuma ile pesa ya gunia arobaini, milioni nane na laki nane. Angalia kama imeingia."

"Imeingia mama, lakini haijatimia. Bado laki tatu na themanini elfu."

"Ya nini tena? Si umeandika 30 mpaka 50 ni elfu mbili mia mbili?"

"Ndiyo mama, lakini hiyo ni kwa zile zinazozidi 29."

"Hilo umeliandika wapi mwanangu?"

Halikuandikwa popote. Tuangalie hesabu za pande zote mbili.

Mama alichukua magunia yote 40 kwa bei ya ngazi aliyofikia. Magunia 40 ni kilo 4,000, mara sh 2,200, inakuwa sh 8,800,000.

Kijana alihesabu ngazi kwa ngazi. Magunia 9 ya kwanza kwa sh 240,000 kila moja ni sh 2,160,000. Magunia 20 yanayofuata, la kumi hadi la ishirini na tisa, kwa sh 230,000 ni sh 4,600,000. Magunia 11 ya mwisho kwa sh 220,000 ni sh 2,420,000. Jumla sh 9,180,000. Tofauti ni sh 380,000 kwenye oda moja, na hakuna aliyekosea kuzidisha.

Njia zote mbili zipo duniani na zote ni halali. Njia ya kijana ndiyo inayotumika kwenye kodi ya mshahara: mshahara ukipanda ngazi, kiwango kipya hukata kile kilichozidi tu, si mshahara wote. Njia ya mama ndiyo inayozoeleka sokoni: ukifika kiwango, mzigo wote unashuka bei. Usipoandika lolote, mnunuzi wa mchele atachukua njia ya soko, na mimi sitamlaumu.

Ushauri wangu kwa mchele na mpunga ni kutumia njia ya soko, kwa sababu mnunuzi anaweza kuipiga kichwani akiwa amesimama stoo. Iandike kwa sentensi moja: "Bei ya ngazi ni kwa kilo zote za oda, si kwa kilo zilizozidi peke yake." Ukiamua kutumia njia ya pili, andika kinyume chake, na uweke mfano mmoja wenye hesabu kamili. Mfano ndio unaomaliza ubishi kuliko maneno.

Lakini njia ya soko ina shimo lake, na ni lazima ulijue kabla hujaweka bei. Kwa bei za kikundi hiki, magunia 29 ni kilo 2,900 mara 2,300, yaani sh 6,670,000. Magunia 30 ni kilo 3,000 mara 2,200, yaani sh 6,600,000. Aliyechukua gunia 29 analipa sh 70,000 zaidi ya aliyechukua 30. Mnunuzi mjanja hatachukua 29 hata siku moja. Ataongeza gunia moja, alipe kidogo, na gunia hilo la thelathini umempa bure pamoja na sh 70,000 juu yake. Mnunuzi asiye mjanja atachukua 29, halafu jirani yake wa stoo atamfungua macho, na hapo umempoteza.

Kulipima shimo hili huhitaji kompyuta. Chukua punguzo la kilo, ligawanye kwa bei ya ngazi ya juu yake, kisha zidisha kwa namba ya magunia inayoanzisha ngazi mpya. Kwenye 30: 100 gawanya kwa 2,300, mara 30, unapata moja na kidogo. Maana yake gunia moja chini ya mpaka limeingia shimoni, ambalo ni la 29. Kwenye mpaka wa 50: 100 gawanya kwa 2,200, mara 50, unapata mbili na kidogo. Gunia 48 na 49 zote ni ghali kuliko 50. Jibu likiwa chini ya moja, uko salama.

Tatu: punguzo linakula nini?

Shimo lile ni dalili. Ugonjwa wenyewe ni kwamba punguzo ni kubwa kuliko unachookoa kwa kuuza mzigo mkubwa. Nilikaa na vijana hawa tukaweka gharama zao mezani. Nazitumia hapa kama mfano, wewe weka zako. Mchele ukiwa tayari mashineni, umekobolewa, umepangwa na kufungashwa, kilo moja imewagharimu sh 1,950. Gunia ni sh 195,000. Juu ya hapo, kila oda ina gharama ambayo haijali ukubwa wake: mtu wa kusimamia upakiaji, bajaji ya kupeleka mzigo kwenye gari, vocha, ada ya kutoa pesa. Waliikadiria sh 40,000 kwa oda.

Sasa tazama. Magunia 29 kwa bei ya 2,300: kila gunia linaacha sh 35,000, yote yanaacha sh 1,015,000, toa 40,000 ya oda, wanabaki na sh 975,000. Magunia 30 kwa bei ya 2,200: kila gunia linaacha sh 25,000, yote sh 750,000, toa 40,000, inabaki sh 710,000. Magunia 50 kwa bei ya 2,100: kila gunia linaacha sh 15,000, yote sh 750,000, toa 40,000, inabaki sh 710,000.

Rudia hizo mbili za mwisho. Mwenye magunia 30 na mwenye magunia 50 wanawaachia faida ileile. Magunia 20 ya ziada, yaliyolimwa, yakavunwa, yakakaushwa na kukobolewa, yametoka stoo bila kuleta hata shilingi.

Faida ya kuuza mkupuo ni ipi basi? Ni kwamba ile sh 40,000 unailipa mara moja badala ya mara nyingi, mzigo unatoka stoo mapema, na pesa inarudi kwa pamoja. Hayo yana thamani, ila si ya sh 100 kwa kilo kila hatua. Tulipunguza hatua zikawa hivi: 2,400 kwa oda ya gunia 5 hadi 9, 2,360 kwa gunia 10 hadi 29, na 2,330 kwa gunia 30 na kuendelea. Tukapima tena. Gunia 9 zinaacha sh 365,000. Gunia 10 zinaacha sh 370,000. Gunia 29 zinaacha sh 1,149,000. Gunia 30 zinaacha sh 1,100,000, hapo pana mteremko kidogo, lakini kufika 32 umeshaupita. Na shimo la mnunuzi halipo tena: gunia 29 ni sh 6,844,000 na gunia 30 ni sh 6,990,000. Anayechukua zaidi analipa zaidi kwa jumla, ila kila kilo inamgharimu kidogo. Hivyo ndivyo ngazi zinavyotakiwa kuwa.

Mmeona pia tumebakiza ngazi tatu. Mipaka nayo haikuchaguliwa ovyo: gunia 10 ni tani moja, gunia 30 ni tani tatu, na mnunuzi anayekodi gari anafikiri kwa tani. Mpaka wa gunia 25 au 40 ungemwacha na gari lenye nafasi au mzigo uliobaki chini.

Nne: oda ndogo

Tangazo lilisema "Mwisho oda gunia 5". Neno "mwisho" sokoni kwetu ni kizungumkuti. "Bei ya mwisho" ni ya chini kabisa. "Mwisho gunia 5" mtu anaweza kuelewa huuzi zaidi ya tano. Tena juu yake ngazi ya kwanza inaanzia gunia 1. Mteja wa gunia mawili afuate mstari upi? Andika waziwazi: "Oda ndogo kabisa tunayopokea ni kilo 500 (gunia 5)." Halafu ngazi ya kwanza nayo ianzie hapohapo.

Namba yenyewe ipatikane kwa hesabu. Kwa gharama zilezile, gunia moja linaacha sh 45,000, toa 40,000 ya oda, inabaki sh 5,000 kwa kazi ya siku. Ukiamua kwamba siku ya kuhudumia oda ni lazima ikuachie angalau sh 150,000, jumlisha na 40,000, gawanya kwa 45,000, unapata nne na kidogo. Kwa hiyo tano. Mtu akikuuliza "kwa nini tano?" una jibu, na ukijua jibu hutayumba kwa kila anayebembeleza.

Sheria ya oda ndogo ina maswali manne ambayo wateja watakuuliza tu. Bora yajibiwe kwenye tangazo.

La kwanza ni kuchanganya. Kikundi kina Supa na kina Saro. Gunia tatu za Supa na mbili za Saro zinatimiza tano? Na gunia sita za Supa na nne za Saro zinafikia ngazi ya kumi? Hayo ni maswali mawili tofauti. Unaweza kuruhusu mchanganyiko kwa oda ndogo na ukaukataa kwenye ngazi, au ukaruhusu kote. Mimi naona turuhusu kote, kwa sababu gharama ya oda haijali aina, ili mradi kila aina ilipwe kwa bei yake. Chenga iache nje ya hesabu. Vinginevyo mtu atajaza gunia za chenga ya bei ndogo ili Supa ishuke.

La pili ni oda za kugawanya. Mtu ananunua gunia 6 leo na 4 wiki ijayo, halafu anadai bei ya 10. Andika: "Ngazi inahesabiwa kwa oda moja, inayolipwa na kuchukuliwa kwa mara moja." Ukitaka kumpa nafuu mteja wa kudumu, hayo ni makubaliano yenu pembeni, yasiingie kwenye tangazo la wote.

La tatu ni anayetaka chini ya oda ndogo. Ama unakataa, ama unampa bei nyingine. Vyote sawa, lakini kimoja kiandikwe. Kikundi hiki kiliamua: "Chini ya kilo 500 tunauza rejareja mashineni tu, hatusafirishi."

La nne ndilo linalosahaulika kuliko yote, nalo ni mzigo kupungua baada ya oda. Mama ameagiza gunia 30, wewe ukikoboa unapata 26. Je, alipe bei ya 30 au ya 26? Kilo 2,600 kwa 2,330 ni sh 6,058,000. Kwa 2,360 ni sh 6,136,000. Zipo sh 78,000 za kugombania. Haki iko hivi: upungufu ukitoka kwako, bei ya ngazi aliyoagiza inabaki, kwa kuwa yeye alitimiza upande wake. Yeye akipunguza oda, bei inahamia kwenye ngazi ya kilo alizochukua. Sentensi mbili tu, na zinakulazimisha wewe pia kutotangaza mzigo ambao bado ni mpunga uliomo kwenye makadirio.

Tangazo likiwa limekamilika

Hili ndilo tulilomaliza nalo:

MCHELE WA IFAKARA, BEI YA JUMLA

Supa, daraja la kwanza. Gunia la kilo 100 za mchele bila uzito wa mfuko. Tunauza gunia zima.

Kilo 500 hadi 900 (gunia 5 hadi 9): sh 2,400 kwa kilo.

Kilo 1,000 hadi 2,900 (gunia 10 hadi 29): sh 2,360 kwa kilo.

Kilo 3,000 na kuendelea (gunia 30 na kuendelea): sh 2,330 kwa kilo.

Bei ya ngazi ni kwa kilo zote za oda. Mfano: gunia 10 ni kilo 1,000 × 2,360 = sh 2,360,000.

Oda ndogo kabisa ni kilo 500. Chini ya hapo tunauza rejareja mashineni tu, hatusafirishi. Unaweza kuchanganya Supa na Saro kufikisha oda ndogo na ngazi, kila aina kwa bei yake. Chenga haihesabiwi.

Ngazi inahesabiwa kwa oda moja, inayolipwa na kuchukuliwa kwa mara moja. Tukipungukiwa sisi, bei ya oda yako inabaki. Ukipunguza wewe, bei inafuata kilo ulizochukua.

Bei ni ya mashineni Mlabani. Kupakia, usafiri na ushuru wa mazao ni juu ya mnunuzi. Bei hii inatumika hadi tarehe ____, siku hiyo ikiwemo.

Mistari miwili ya mwisho msiione midogo. Bei bila mahali haijakamilika, kwa sababu 2,330 ya mashineni na 2,330 ya Tandale ni mambo mawili. Na tarehe ni ya lazima hapa bondeni: bei ya Juni, watu wakiwa bado wanavuna, si bei ya Februari stoo zikiwa nyeupe. Tangazo likishatumwa WhatsApp linazunguka kwenye makundi miezi mingi, na mtu atakuletea karatasi ya Juni mwezi wa pili akitaka uiheshimu. Mnaona pia nimeandika "siku hiyo ikiwemo", kwa sababu ya lile neno "hadi".

Kabla hujalirusha, lijaribu. Mpe mtu asiyejua biashara yako, dada yako au jirani, mwambie apige hesabu ya gunia 4, 9, 10, 29 na 30 kwa kusoma tangazo tu, bila kukuuliza kitu. Nawe piga zako pembeni. Kwa tangazo hili majibu ni: gunia 4 hatupokei oda, 9 ni sh 2,160,000, 10 ni sh 2,360,000, 29 ni sh 6,844,000, na 30 ni sh 6,990,000. Jibu lake likitofautiana na lako hata kwenye namba moja, usimfundishe. Rudi ukabadilishe sentensi iliyompoteza, maana mnunuzi wa Dodoma hutakuwa naye pembeni wakati anaisoma.